Mshale unaelekea wapi? Kuandika "kama", "tu" na "mpaka" kwa alama za mantiki

Mlangoni mwa ukumbi wa tamasha unaweza kusikia kauli mbili. Ya kwanza: "Ukiwa na tiketi, utaingia." Ya pili: "Utaingia iwapo tu una tiketi." Masikioni zinakaribiana, lakini ahadi zake ni tofauti kabisa. Aliyeambiwa ya kwanza ana haki ya kusimama na tiketi yake mkononi na kudai afunguliwe. Aliyeambiwa ya pili hana haki hiyo: huenda ukumbi umejaa, huenda amevaa ndala na ndala haziruhusiwi. Ameambiwa tu kwamba bila tiketi asijisumbue.

Tukiweka T kwa "ana tiketi" na I kwa "anaingia", ya kwanza ni T → I na ya pili ni I → T. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuujua mwelekeo wa mshale huo kila mara, hata sentensi iwe imepinda vipi. Njia ninayoitumia ni moja, na sitegemei kukariri orodha ya maneno. Maneno ya Kiswahili yanasaidia, lakini "tu" au "mpaka" moja inaweza kubadilisha maana kwa kuhama nafasi tu, na hapo orodha inakuacha njiani.

Hatua ya kwanza: zipe kauli herufi

Tafuta ndani ya sentensi kila kauli ndogo inayoweza kuwa kweli au uongo, kisha uipe herufi. Pembeni andika maana ya herufi kwa sentensi nzima: "T: Rehema ana tiketi", wala si "T: tiketi". Tiketi yenyewe haiwezi kuwa kweli wala uongo, na mwanafunzi anayeandika neno moja moja huishia kusoma T kama "amenunua tiketi" mstari huu na "tiketi zipo" mstari unaofuata.

Jambo la pili katika hatua hii ni kwamba herufi ibebe kauli isiyokanushwa. Ukanushi uachie alama ¬. Kiswahili kinahitaji jicho kali hapa kwa sababu ukanushi wetu hukaa ndani ya kitenzi: "hataingia", "asipolipa", "ambaye hajarudisha", "bila kulipa". Ukiandika "L: Rehema hajalipa", baada ya mistari mitatu utasahau na kuisoma L kama amelipa. Andika "L: Rehema amelipa", na "asipolipa" iwe ¬L.

Alama nyingine tutakazohitaji ni ∧ kwa "na", ∨ kwa "au", → kwa "kama hiki basi kile", na ↔ kwa mshale unaokwenda pande zote mbili. Alama hizi hazijui wakati. "Utaingia", "unaingia" na "umeingia" zote zitakuwa I, na kama wakati una uzito katika hoja yako, uandike ndani ya maana ya herufi.

Hatua ya pili: mtafute mvunjaji

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kauli yenye mshale haisemi kwamba upande wa kushoto unatokea, wala kwamba wa kulia unatokea. Haisemi pia kwamba kimoja kinasababisha kingine. Inapiga marufuku hali moja tu: kushoto kuwe kweli na kulia kuwe uongo. Hali nyingine zote inaziruhusu. Angalia hali nne zinazowezekana mlangoni petu:

| Ana tiketi | Anaingia | T → I | I → T |
|---|---|---|---|
| ndiyo | ndiyo | kweli | kweli |
| ndiyo | hapana | uongo | kweli |
| hapana | ndiyo | kweli | uongo |
| hapana | hapana | kweli | kweli |

Mishale miwili hii inatofautiana katika mistari ya katikati pekee. T → I inavunjwa na mtu mwenye tiketi aliyefukuzwa. I → T inavunjwa na mtu aliyeingia bila tiketi. Kwa hiyo ukipewa sentensi yoyote ya sharti, usiulize kwanza neno gani linatangulia. Uliza: ni mtu gani, au ni tukio gani, likionekana litaonyesha kwamba msemaji amesema uongo au kanuni yake imevunjwa? Ukishampata mvunjaji huyo, kazi imekwisha. Kilicho kweli kwake kiweke kushoto mwa mshale. Kilicho uongo kwake kiweke kulia.

Njia hii ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alieleza jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na juu ya meza zinaonekana E, K, 4 na 7. Kanuni ni kwamba kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imefuatwa? Watu wengi huchagua E na 4, au E peke yake. Jibu ni E na 7, kwa sababu mvunjaji ni kadi moja tu ya aina yake: yenye irabu huku na namba witiri kule. E inaweza kuwa mvunjaji, na 7 pia. Lakini 4 haiwezi kuivunja kanuni hata nyuma yake pawe na herufi gani. Anayeigeuza 4 mara nyingi ameshaupindua mshale bila kujua, akasoma "namba shufwa basi irabu".

Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox walilirudia jaribio kwa wanafunzi wa Florida, lakini kanuni sasa ilikuwa ya baa: mtu akinywa bia, lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kadi zilisema anakunywa bia, anakunywa soda, ana miaka 22, ana miaka 16. Safari hii walio wengi walipatia: mkague mnywaji bia umjue umri wake, mkague wa miaka 16 ujue anakunywa nini. Umbo la kanuni ni lile lile la irabu na namba shufwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu anamwona mvunjaji akilini mwake. Ndiyo maana nashauri kila sentensi, hata ya hesabu, uisome kama mkaguzi wa tiketi aliyesimama mlangoni: ni nani wa kukamatwa hapa?

Hatua ya tatu: "kama", "ikiwa", na kiambishi -ki-

Hizi ndizo nyepesi, kwa hiyo sitakaa sana. Kinachofuata "kama", "ikiwa", "iwapo" au "endapo" huenda kushoto, hata kikiwa mwishoni mwa sentensi. "Nitakuja kama utaniita" na "Ukiniita nitakuja" zote mbili ni N → J, ambapo N ni "unaniita" na J ni "nakuja". Mvunjaji ni yule yule: umeniita, sikuja.

Kosa la hapa hutokana na kuchanganya mshale na mwendo wa matukio. Methali "Ukiona vyaelea, vimeundwa" inaonyesha vizuri. Tuweke E kwa "chombo kinaelea" na U kwa "chombo kimeundwa". Fundi huunda kwanza, chombo kikaelea baadaye, na kuundwa ndiko kunakosababisha kuelea. Wengi kwa hiyo wangeandika U → E. Mtafute mvunjaji: ni chombo kinachoelea ambacho hakikuundwa na mtu. Kuelea ni kweli, kuundwa ni uongo. Basi ni E → U. Jahazi lililoundwa likaoza pwani bila kushushwa majini haliivunji methali hata kidogo. Mshale unatoka kwenye dalili kwenda kwenye kinachojulikana kutokana nayo, na unaweza kabisa kurudi nyuma kinyume cha saa.

Maneno "lazima", "sharti" na "hakuna budi" kwa kawaida huonyesha upande wa kulia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame": yeyote anayekipata cha mvunguni ameinama, yaani C → A. Aliyeinama akakuta mvunguni hamna kitu hajaivunja methali. Vivyo hivyo "Ili upate leseni lazima ufaulu mtihani wa barabarani" ni L → F, na aliyefaulu bado anaweza kukwama kwa sababu nyingine.

Tahadhari mbili fupi. Si kila "kama" ni sharti: "Sijui kama atakuja" na "Anaimba kama kasuku" hazina mshale wowote. Na si kila -ki- ni sharti: katika "Nilimwona akipita", -ki- inaeleza tukio lililokuwa likiendelea. Sentensi za "ningekuwa" na "angelipa" nazo zikwepe katika zoezi hili. Zinazungumzia jambo ambalo halikutokea, na mshale wa kawaida huzifanya zote kuwa kweli kwa sababu upande wa kushoto ni uongo.

Hatua ya nne: "tu"

Neno hili fupi ndilo linalopindua mishale mingi kuliko yote. Kanuni ya kwanza ni kuangalia linaambatana na nini, kwa kuwa "tu" hubana kile kinacholitangulia papo hapo. "Ni wanachama tu wanaopiga kura" inabana wanachama. "Wanachama wanapiga kura tu" inabana kupiga kura, yaani hawafanyi lingine, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Chukua ile ya kwanza. Mwanafunzi anaona "wanachama" limetangulia na "wanapiga kura" linafuata, akaandika M → K. Mwite mkaguzi. Ni nani anayekamatwa chini ya kanuni "Ni wanachama tu wanaopiga kura"? Ni mpiga kura asiye mwanachama. Mwanachama aliyebaki nyumbani siku ya uchaguzi hana kosa. Kupiga kura ni kweli, uanachama ni uongo, kwa hiyo K → M. Njia ya kuthibitisha ni kuisema sentensi upya kwa "wote": "Ni wanachama tu wanaopiga kura" ni sawa na "Wote wanaopiga kura ni wanachama." Ukiona "tu" imegeuka kuwa "wote", lazima pande zibadilishane nafasi. Anayesema "Wanachama wote wanapiga kura" ametoa kauli nyingine, nayo ndiyo M → K. "Pekee" hufanya kazi ile ile: "Wanachama pekee ndio wanaopiga kura."

"Iwapo tu", "ikiwa tu" na "kama tu" zinafuata njia hiyo hiyo. "Kama" peke yake hupeleka kinachofuata kushoto. Ikipata "tu", hukipeleka kulia. "Atapiga kura iwapo tu ni mwanachama" ni K → M. "Lipa kwanza ndipo uingie" nayo ni ya kundi hili, kwa sababu mvunjaji ni aliyeingia kabla ya kulipa: I → L.

Sasa lipo jambo ambalo orodha za maneno haziwezi kukusaidia, na ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili. Linganisha:

"Ukilipa tu, unaingia."

"Unaingia ikiwa tu umelipa."

Ya kwanza ina "tu" na ina sharti, na mtu aliyekariri kwamba "tu" hupindua mshale ataandika I → L. Amekosea. Ukiitamka kwa sauti utasikia: maana yake ni kwamba kulipa kunatosha, hakuna lingine watakalokuuliza. Mvunjaji ni aliyelipa akazuiwa. Hiyo ni L → I. Ya pili mvunjaji wake ni aliyeingia bila kulipa, nayo ni I → L. "Tu" inayofuata kitenzi chenye -ki- mwanzoni mwa sentensi mara nyingi husema "hilo likishafanyika, basi". Ukikutana na "Utaingia ukilipa tu", sentensi yenyewe ina sura mbili, na sauti ya msemaji ndiyo inayoamua. Katika maandishi, andika tafsiri zote mbili na ueleze ipi umechagua na kwa nini. Kuchagua kimyakimya ni hatari, kwa kuwa hoja nzima inayofuata itategemea uchaguzi huo.

Hatua ya tano: "mpaka", "isipokuwa", "bila" na -sipo-

Kundi hili linaogopwa kwa sababu huja na ukanushi mmoja au miwili. Dawa ni kuisoma "isipokuwa" kama "ikiwa si". Kinachofuata kinakanushwa na kwenda kushoto, na sehemu iliyobaki ya sentensi inabaki kama ilivyo kulia.

"Mechi itachezwa Jumamosi isipokuwa mvua ikinyesha" inakuwa: ikiwa mvua hainyeshi, mechi inachezwa, yaani ¬M → C. Mvunjaji ni Jumamosi kavu isiyo na mechi. Je, mvua ikinyesha na timu zikacheza hivyo hivyo matopeni? Kwa maana kali ya mantiki, tangazo halijavunjwa. Masikio ya wengi husikia pia kwamba mvua ikinyesha mechi imeahirishwa, na pengine msemaji alikusudia hivyo, lakini hilo ni nyongeza. Andika kwanza kile kilichosemwa. Nyongeza iandike kwenye mstari wake, ukiwa na sababu ya kuiongeza. Methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ina umbo hili hili: ¬Z → J, ambayo ni sawa na Z ∨ J, ama uzibe ama ujenge. Aliyeziba ufa na ukuta ukaanguka kwa tetemeko hawezi kuilaumu methali.

Ukanushi ukiwa pande zote mbili ndipo mshale unapopinduka. "Usipolipa hutaingia." Tafsiri ya moja kwa moja ni ¬L → ¬I, na hiyo ni sahihi. Tatizo huja mwanafunzi anapotaka kuirahisisha: anafuta alama mbili za ¬ kama anayefuta hasi mbili kwenye hesabu, akabaki na L → I. Hasi zile haziondoki hivyo, kwa sababu kila moja imeshika kauli yake. Mvunjaji wa "usipolipa hutaingia" ni aliyeingia bila kulipa, kwa hiyo umbo lake jepesi ni I → L. Ukitaka kuondoa ¬ pande zote mbili, badilisha pande kwa wakati mmoja. Ukibadilisha pande bila kugusa ukanushi, au ukiondoa ukanushi bila kubadilisha pande, umeandika kauli nyingine.

Kwa sababu hiyo sentensi hizi zote ni I → L, na inafaa uzipitie moja moja ukimtafuta mvunjaji: "Usipolipa hutaingia." "Huingii mpaka ulipe." "Huingii bila kulipa." "Hakuna anayeingia isipokuwa amelipa." "Utaingia iwapo tu umelipa." "Lazima ulipe ili uingie." Mvunjaji ni mmoja katika zote.

Kuna matumizi ya maneno haya yasiyo na sharti. "Tulisafiri mpaka Tanga" inataja mahali. "Wote walikuja ila Juma" inasema mambo mawili moja kwa moja, kwamba wengine walikuja na kwamba Juma hakuja, kwa hiyo inahitaji ∧ na ¬, wala haihitaji mshale.

Kazi yote kwa pamoja: tangazo la ubaoni

Tuchukue tangazo la namna inayobandikwa kwenye mbao za vyuo:

"Ni waliomaliza kulipa ada tu watakaoingia chumba cha mtihani. Mwanafunzi asipoingia chumba cha mtihani hatapata matokeo. Hakuna atakayepata matokeo mpaka awe amerudisha vitabu vya maktaba."

Herufi kwanza, zote zikimhusu mwanafunzi mmoja, Rehema. A: Rehema amemaliza kulipa ada. I: Rehema ameingia chumba cha mtihani. P: Rehema amepata matokeo. V: Rehema amerudisha vitabu.

Sentensi ya kwanza: anayekamatwa ni aliyemo chumbani na ada hajamaliza. I kweli, A uongo. Andika I → A.

Sentensi ya pili: kwa umbo lake ni ¬I → ¬P. Mvunjaji ni mwenye matokeo ambaye hakuingia chumbani. Andika P → I.

Sentensi ya tatu: mvunjaji ana matokeo na vitabu bado viko kwake. Andika P → V.

Sasa mishale inaungana: P → I, kisha I → A, kwa hiyo P → A. Rehema akionekana na matokeo mkononi, tunajua bila kuuliza kwamba aliingia chumbani, alimaliza ada na alirudisha vitabu. Geuza swali: Rehema amelipa ada yote na amerudisha vitabu vyote. Je, atapata matokeo? Tangazo halisemi. Mishale yote inatoka kwenye matokeo, hakuna hata mmoja unaoelekea huko. Tangazo zima halina ahadi yoyote. Lina masharti matupu.

Angalia mtu aliyepindua sentensi mbili za kwanza. Ameandika A → I na I → P. Kutoka hapo anapata A → P, na anakwenda ofisini na risiti ya ada akidai matokeo kwa mujibu wa tangazo. Kila hatua ya hoja yake baada ya tafsiri ni halali, na akikagua hoja peke yake hataliona kosa. Kwa hiyo ukipata hitimisho ambalo tangazo la masharti halingeweza kuahidi, rudi kwenye tafsiri kabla ya kugusa hoja.

Hatua ya mwisho: usiukunje mshale kuwa ↔ kabla ya kutafuta njia nyingine

Wapo wanaoona "kama" na kuandika ↔ kwa hofu ya kukosea mwelekeo. Alama hiyo inasema mambo mawili, na inahitaji ushahidi wa mambo mawili. Vitabu vya hesabu huitumia kwa maneno "ikiwa na ikiwa tu", ambayo ni mishale yote miwili kwa pamoja. Maisha na sheria husema hivyo mara chache.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 138, ina mfano mzuri. Kifungu cha 4 kinasema mgombea atatangazwa kuwa amechaguliwa Rais akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo ni 24 kwenda juu. Weka N kwa "mgombea amepata zaidi ya nusu ya kura zote", R kwa "amefikisha asilimia 25 katika kaunti zinazotakiwa", na C kwa "anatangazwa kuwa amechaguliwa". Kifungu hicho ni (N ∧ R) → C. Mvunjaji ni mgombea aliyetimiza yote mawili akanyimwa ushindi.

Ukipindua na kukanusha unapata ¬C → (¬N ∨ ¬R): chini ya kifungu hiki, asiyetangazwa amekosa moja au jingine, au yote mawili. Kuandika ¬N ∧ ¬R hapo ni kosa la kawaida. Mgombea anaweza kukosa kwa kaunti tu huku ana zaidi ya nusu ya kura.

Mtaani watu huisema kanuni hii hivi: "Hatangazwi mpaka apate zaidi ya nusu ya kura na asilimia 25 kwenye kaunti 24." Hiyo ni C → (N ∧ R), mshale wa upande wa pili. Ukiunganisha na kifungu cha 4 unapata C ↔ (N ∧ R), na inaonekana kuwa tafsiri kamili. Lakini mkaguzi akisoma ibara nzima anampata mvunjaji wa mshale huo wa mtaani, tena halali. Kifungu cha 1 kinasema mgombea akiteuliwa mmoja tu, huyo atatangazwa kuwa amechaguliwa, bila kura kuhesabiwa. Na kama hakuna aliyechaguliwa, uchaguzi mpya hufanywa ndani ya siku 30 baada ya ule uliopita, na katika huo kifungu cha 7 kinamtangaza mwenye kura nyingi zaidi, bila kutaja asilimia 25 wala kaunti. Kwa hiyo C inaweza kuwa kweli huku R ni uongo, na sheria haijavunjwa.

Tafsiri aminifu ya ibara hiyo ni mishale mitatu tofauti inayoingia C, kila mmoja na sharti lake upande wa kushoto. Mshale unaotoka C upo pia, lakini kulia kwake lazima pawe na ∨ inayoziorodhesha njia zote tatu.